Barua 17 zilizokosa majibu

Nilikuwa na miezi mitatu tu kazini nilipokabidhiwa eneo la wadaiwa katika ukaguzi wa kampuni iliyokuwa ikiuza vifaa vya ujenzi kwa bei ya jumla. Mwaka wake wa hesabu ulifungwa 31 Desemba. Leja ya wadaiwa ilikuwa na wateja zaidi ya 400, na jumla ya madeni ilikaribia milioni 900. Nilitakiwa kujua kama madeni hayo yapo kweli, na njia tuliyoitegemea zaidi ilikuwa kumuuliza mdaiwa mwenyewe. Unamwandikia mteja: vitabu vya kampuni hii vinaonyesha kwamba tarehe fulani ulikuwa unadaiwa kiasi fulani, je, unakubali? Akikataa, aeleze tofauti iko wapi. Majibu anayaleta moja kwa moja kwa mkaguzi.

Tulichagua wateja 40. Kumi na wawili walikuwa wale wenye madeni makubwa, ambao peke yao walibeba zaidi ya nusu ya jumla yote, na 28 tuliwachagua bila kupendelea jina wala kiasi. Barua zikachapwa kwa karatasi za kampuni, mkurugenzi wa fedha akazisaini, nami nikazitia kwenye bahasha. Jioni ile karani wa hesabu aliniambia kwamba kesho yake asubuhi anapeleka barua zake posta, kwa hiyo atazipeleka na zangu. Nikamshukuru, nikampa.

Msimamizi wangu alipouliza barua zimefika wapi nikamweleza. Hakunigombeza. Alivuta kiti akakaa karibu nami, akasema, "Mdogo wangu, barua ya uthibitisho ina nguvu kwa sababu moja tu: kati yako na mteja hakupita mtu. Sasa amepita. Hata zikirudi zote 40 zikiwa na muhuri, hatuna la kusema." Tulizichapa upya zote, mkurugenzi akazisaini tena, nikazipeleka mwenyewe. Anwani pia nikazikagua upya, kwa sababu orodha niliyotumia mara ya kwanza nilipewa na karani yuleyule. Nilizilinganisha na mikataba ya mauzo, na oda za wateja zenye nembo zao, na kwa wale wakubwa nikatafuta namba za simu za ofisi zao kwa njia zangu mwenyewe nikapiga. Anwani mbili hazikuwa sahihi. Zilikuwa za zamani tu, wala hapakuwa na ubaya wowote ndani yake, ila barua zile zisingemfikia mtu.

Karani yule sikuwahi kupata sababu ya kumshuku. Lakini kiwango cha kimataifa cha ukaguzi kinachohusu jambo hili, ISA 505, kinamtaka mkaguzi ashike mwenyewe hatamu za maombi haya mwanzo hadi mwisho: kuchagua nani aandikiwe, kuhakiki anwani, kutuma, kufuatilia, kupokea. Ukiachia hatua moja, zote zimeachiwa.

Baada ya wiki mbili yalirudi majibu 17. Nikatuma maombi ya pili kwa waliobaki, na safari hii msimamizi alinishauri jambo ambalo tangu siku hiyo nalifanya kila mara: niambatanishe orodha ya ankara zinazounda salio. Wateja wengi, hasa wale wakubwa, mifumo yao ya hesabu inafuata ankara moja moja. Ukimuuliza karani wa malipo, "Je, mnadaiwa milioni 48.6?" hana pa kuanzia, na barua yako inawekwa kando hadi isahaulike. Ukimwonyesha ankara tano, namba zake, tarehe zake na kiasi cha kila moja, anazitafuta kwa dakika chache. Majibu sita yakaongezeka. Mtu mmoja alinipigia simu akasema salio ni sahihi, na nilitaka kumhesabu miongoni mwa waliojibu, lakini jibu la mdomo si uthibitisho. Nilimwomba aniandikie, akaahidi, hakuandika.

Kwa hiyo tulikuwa na majibu 23. Kumi na tisa walikubali salio. Wanne walileta tofauti, na tofauti zote zilikuwa za kawaida: malipo yaliyotumwa siku za mwisho za Desemba yakaingia benki Januari, na krediti noti moja, yaani hati ya kumpunguzia mteja deni, ambayo upande mmoja ulikuwa umeiandika na mwingine bado. Hizo nilizimaliza kwa siku moja. Walibaki 17 walionyamaza.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, nami nilijikwaa hapohapo. Tulikuwa tumetuma ombi linalomtaka mteja ajibu kwa vyovyote, akubali au akatae. Kwa ombi la namna hiyo, kimya hakina maana yoyote: si ndiyo wala si hapana. Huwezi kuandika "hakulalamika, basi amekubali". Kila asiyejibu ni pengo, na pengo hilo unalijaza kwa taratibu mbadala, yaani ushahidi mwingine wa deni lilelile kwa tarehe ileile.

Ushahidi wa kwanza unaotafutwa ni fedha iliyoingia baada ya mwaka kufungwa. Mtu halipi deni ambalo halipo, kwa hiyo malipo ya Januari na Februari yanashuhudia vizuri kwamba 31 Desemba deni lilikuwepo. Nikachukua taarifa za benki za miezi hiyo miwili, nikaanza kutafuta jina la kila mmoja wa wale 17.

Mteja wa kwanza kwenye orodha yangu alikuwa yule wa milioni 48.6. Taarifa ya benki ilionyesha kwamba tarehe 17 Januari alilipa milioni 50. Nikaweka alama ya vema kwenye karatasi ya kazi, nikaandika: "Salio lote limelipwa baada ya mwaka. Limeridhisha." Nikaenda kwa mteja wa pili. Kufikia saa sita mchana nilikuwa nimemaliza tisa, na nilijiona nimefanya kazi nzuri.

Msimamizi alipitia karatasi ile, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. "Hii milioni 50 imelipa ankara zipi?"

Nikamwambia salio lilikuwa milioni 48.6 na malipo yamelizidi.

"Nimeona, mdogo wangu. Ndiyo maana nauliza. Salio milioni 48.6, malipo 50. Mtu anayelipa deni analipa kiasi cha deni. Hii ya ziada imetoka wapi?"

Nilirudi idara ya hesabu nikaomba taarifa ya malipo ambayo mteja huituma pamoja na fedha, ile inayotaja ankara anazozilipia. Ilikuwa ukurasa mmoja, na ilitaja ankara tano, lakini hazikuwa tano zile za kwenye salio langu. Tatu tu zilikuwa za Desemba: milioni 12.4, milioni 9.8 na milioni 6.3, jumla milioni 28.5. Mbili zilizobaki, za milioni 21.5 kwa pamoja, ziliandikwa Januari. Mteja alikuwa amefikia kikomo chake cha mkopo, akahitaji mzigo wa haraka, na kampuni ikakataa kuutoa mpaka aulipie. Kwa hiyo milioni 21.5 za malipo yale hazikuhusu kabisa deni la 31 Desemba.

Salio langu la milioni 48.6 likabaki na milioni 20.1 ambazo hazina ushahidi wowote. Zilikuwa ankara mbili: ya milioni 8.7 iliyoandikwa tarehe 29 Desemba, na ya milioni 11.4 iliyoandikwa tarehe 30.

Ankara ambayo haijalipwa inakupeleka kwenye hatua ya pili, ambayo ni kuthibitisha kwamba mzigo ulitoka na mteja akaupokea kabla ya mwaka kufungwa. Ankara yenyewe haitoshi. Ankara ni karatasi ambayo kampuni imejiandikia, na mtu anayetaka kubuni mauzo huanza nayo. Unachotafuta ni alama ya mtu wa nje: oda ya mteja yenye namba yake, na zaidi ya hiyo, hati ya makabidhiano ya mzigo yenye saini ya aliyepokea, muhuri wake na tarehe.

Hati ya ankara ya milioni 8.7 ilikuwa safi. Muhuri wa mteja, jina la mtunza stoo wake, tarehe 30 Desemba imeandikwa kwa kalamu ya mpokeaji. Nikaifunga.

Hati ya ankara ya milioni 11.4 niliishika muda mrefu. Tarehe iliyochapwa juu ilikuwa 30 Desemba, sawa kabisa na ankara. Namba ya oda ya mteja ilikuwepo. Lakini chini, kwenye nafasi ya mpokeaji, hapakuwa na saini wala muhuri. Nakala ile ilikuwa ya kampuni yenyewe. Nakala iliyorudi kutoka kwa mteja haikuwemo faili. Nikamuuliza mtu wa mauzo, akaniambia itakuwa imepotea.

Nilikwenda getini. Kila lori lililotoka liliandikwa na mlinzi kwenye daftari kubwa lenye mistari, kwa mkono: namba ya gari, saa, namba ya hati ya mzigo. Mlinzi hana habari na ankara, wala mshahara wake hautegemei mauzo, kwa hiyo daftari lake ni ushahidi ninaouthamini sana. Kurasa za 30 na 31 Desemba hazikuwa na namba ya hati ile. Niliendelea kufunua. Nikaikuta tarehe 5 Januari, saa 4 na dakika 10 asubuhi.

Mzigo ulikuwa stoo mwaka ulipofungwa. Mauzo yaliandikwa Desemba, lakini yalikuwa ya Januari. Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikuliona mpaka msimamizi aliponiuliza: siku ya kuhesabu mali, 31 Desemba, bidhaa zile ziliwekwa wapi? Nikatafuta karatasi za hesabu ya stoo. Zilihesabiwa. Kwa hiyo bidhaa zilezile zilikuwa mara mbili kwenye mizania, mara moja kama mali stoo na mara nyingine kama deni la mteja. Kampuni hii ilipata gharama ya mauzo kwa kuanza na mali ya mwanzo, kuongeza manunuzi na kutoa mali ya mwisho. Kwa njia hiyo, bidhaa ikishahesabiwa stoo, gharama yake haimo kwenye mauzo, na faida inapanda kwa bei nzima ya kuuzia, si kwa tofauti ya bei na gharama. Marekebisho yakawa mepesi: punguza mauzo kwa milioni 11.4, punguza wadaiwa kwa milioni 11.4, stoo iache ilivyo. Kodi nimeiweka kando hapa ili hesabu ionekane.

Kosa moja la namna hii haliachwi lilivyo kana kwamba limetokea peke yake. Nilichukua ankara zote za siku tano za mwisho za Desemba, si za wale 17 tu, nikazilinganisha moja moja na daftari la getini. Zikatokea nyingine mbili, jumla milioni 7.9, zilizotoka baada ya mwaka mpya. Zote tatu ziliandikwa na mtu mmoja wa mauzo ambaye malipo yake ya ziada yalipimwa kwa mauzo ya mwaka. Uongozi ulikubali kurekebisha milioni 19.3 zote.

Nilirudi kwa wale wengine wanane niliowafunga mchana ule nikawaanza upya, safari hii malipo kwa ankara. Kwa wengi hitimisho halikubadilika. Lakini wawili walikuwa wamelipa kiasi cha mviringo bila kutaja ankara, na kampuni ikapunguza deni kuanzia ankara ya zamani zaidi. Hapo malipo hayakuambii mengi, kwa sababu mteja hajasema analipa nini. Kampuni ndiyo iliyoamua. Kwa hao nilizitafuta hati za mzigo za kila ankara iliyounda salio, kana kwamba hawakulipa chochote.

Mpaka mwisho wa Februari, wateja 16 kati ya 17 walikuwa wamekamilika. Wa mwisho alikuwa na salio la milioni 14.2. Hakuwa amelipa chochote tangu mwaka ufungwe, lakini hati za mzigo zilikuwa kamili: saini, muhuri, tarehe za Novemba, na daftari la getini lilikubaliana nazo. Oda zake zilikuwepo. Kwa kipimo nilichojifunza wiki ile, deni lilikuwa halali. Nikaandika hitimisho.

Siku nne baadaye barua yake ikafika. Ilikuwa imechelewa zaidi ya wiki sita. Kwenye mstari wa kukubali salio hakuweka alama, aliandika kwa mkono pembeni: "Tunakiri kupokea mzigo. Hatukubali kwamba ni deni. Mzigo huu ni mali kauli, tunalipa kile tulichouza na kinachobaki tunarudisha, kama tulivyokubaliana."

Kila karatasi niliyokagua ilikuwa ya kweli. Mzigo ulitoka, ulipokelewa, tarehe zilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni makubaliano, na makubaliano hayakuwa kwenye faili la mauzo. Yalikuwa barua moja kati ya meneja wa mauzo na mteja, iliyowekwa kwenye faili binafsi la meneja huyo. Chini ya IFRS 15, kiwango cha kimataifa cha hesabu kinachohusu mapato, mali iliyopelekwa kwa mtindo huo bado ni ya muuzaji mpaka mteja aliyeipokea aiuze. Haikuwa deni, haikuwa mauzo. Ilikuwa stoo ya kampuni iliyokaa kwenye jengo la mtu mwingine. Tulimwomba mteja aeleze ni kiasi gani kilikuwa kimeuzwa kufikia 31 Desemba, akajibu kwa maandishi kwamba ni cha milioni 3.1. Kiasi hicho kikabaki deni. Milioni 11.1 zilitolewa kwenye wadaiwa na kwenye mauzo, na bidhaa zake zikarudishwa stoo kwa gharama ya kununulia, kwa kuwa hizi hazikuwa zimehesabiwa popote.

Nimeifikiria barua ile mara nyingi. Taratibu mbadala zinasoma karatasi, na karatasi zinasema mzigo ulikwenda wapi na lini. Haziwezi kusema watu wawili walikubaliana nini chini ya karatasi hizo: haki ya kurudisha, bei itakayopunguzwa baadaye, malipo yanayosubiri mteja auze. Hayo anayajua mteja tu. Ndiyo maana ISA 505 inakubali kwamba zipo hali ambapo jibu la mteja ni la lazima na hakuna mbadala wake. Likikosekana, mkaguzi anapaswa kufikiria athari yake kwenye maoni yake badala ya kukusanya karatasi zaidi. Kashfa ya McKesson & Robbins iliyofichuka Marekani mwaka 1938 ilikuwa ya namna hiyo kwa kiwango kikubwa: wadaiwa na stoo za kubuni zilikuwa na hati zake zote, kwa sababu hati zilitengenezwa, na wateja hawakuwa wameandikiwa. Mwaka uliofuata taasisi ya wahasibu ya huko ikaweka uthibitisho wa wadaiwa kuwa utaratibu wa kawaida wa ukaguzi.

Nilipotazama nyuma, dalili za mteja wa milioni 14.2 zilikuwepo kwenye leja. Kwa mwaka mzima hakuwahi kulipa kiasi kinacholingana na ankara yoyote, alilipa 1.7, kisha 0.9, kisha 2.3, kila mwisho wa mwezi. Mara mbili kulikuwa na krediti noti za mzigo uliorudi bila sababu kuandikwa. Madeni yake yalikuwa yamepita muda wa siku 30 na hakuna aliyemwandikia barua ya kumdai. Mtu anayekaa na deni lako miezi mitatu, na wewe humdai, huenda nyote mnajua kitu ambacho leja haikijui.

Siku hizi, kabla sijakubali kumhamishia mteja asiyejibu kwenye taratibu mbadala, nasoma kwanza mwenendo wake wa malipo wa mwaka mzima. Akilipa kwa mtindo wa yule, natuma ombi la tatu na ndani yake naongeza swali linalosimama peke yake: je, kuna makubaliano yoyote ya kurudisha bidhaa au ya kulipa baada ya kuuza? Kisha nampigia simu mtu wa malipo kwa namba niliyoitafuta mwenyewe, namwomba aandike yaleyale aliyoniambia.